Siku Thelathini Huhesabiwa Vipi?



Mikataba mingi ya huduma ina kifungu kama hiki: "Mteja asiyetaka kuendelea atoe taarifa ya maandishi siku zisizopungua 30 kabla ya tarehe ya kuhuishwa kwa mkataba." Anayekosea hesabu hiyo hata kwa siku moja aweza kudaiwa malipo ya mwaka mwingine.

Tuchukue mfano. Mteja wa Nansio, Ukerewe, ana mkataba wa intaneti na kampuni yenye ofisi Mwanza mjini. Mkataba unajihuisha tarehe 1 Machi 2026. Mteja anasema moyoni: siku 30 ni mwezi, basi mwisho wangu ni tarehe 1 Februari. Amekosea, kwa kuwa Februari hiyo ina siku 28.

Hesabu sahihi hurudi nyuma. Tarehe 1 Machi yenyewe haihesabiwi. Siku ya kwanza ni 28 Februari, ya 28 ni 1 Februari, ya 29 ni 31 Januari, na ya 30 ni 30 Januari. Na kwa kuwa kifungu kinasema "zisizopungua", ni salama siku ya taarifa nayo isihesabiwe. Kwa hiyo mwisho ni Alhamisi, tarehe 29 Januari. Hivyo ndivyo Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inavyohesabu maneno hayo katika sheria za nchi. Mkataba binafsi hufuata maneno yake wenyewe, lakini afuataye hesabu hii amejiweka upande wa usalama.

Sasa, mteja wetu alituma barua kwa posta tarehe 28 Januari, nayo ikafika Mwanza tarehe 2 Februari. Je, amewahi? Jibu limo katika mkataba. Ukisema taarifa huhesabiwa "inapotumwa", amewahi, mradi awe na stakabadhi ya posta. Ukisema "inapopokelewa", amechelewa. Ukikaa kimya, mabishano huanza. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inapoeleza kutenguliwa kwa pendekezo, husema kwamba utenguzi humfunga anayepelekewa pale anapoufahamu. Kifungu hicho hakihusu moja kwa moja taarifa ya kutohuisha mkataba, lakini chatuonya tusitegemee tarehe ya kutuma.

Kwa hiyo, mkataba usipotaja, tunashauri mhesabu hadi siku ya kupokelewa, na mkumbuke kwamba barua ya kisiwani huvuka maji. Peleka nakala mbili mkononi, au mtume mtu unayemwamini. Nakala moja irudi ikiwa na muhuri, sahihi na tarehe ya mpokeaji. Siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, usiisogeze mbele. Peleka siku ya kazi iliyotangulia.