Anayeuliza "Napata Wapi?" Ajibiwe Hapo Hapo

(Mazungumzo ya mratibu wa miradi mbele ya kamati za sharika)

Nitasema jambo moja tu: namna ya kumjibu mtu anayeuliza "bei gani?", "napata wapi?" au "naomba linki" chini ya picha ya bidhaa tuliyoiweka Facebook au Instagram.

Kikundi kimoja cha akina mama wafuga nyuki kiliweka picha ya asali yao. Watu kumi na wawili wakauliza bei. Katibu akawajibu wote, "Njoo inboksi." Walikuja wawili tu. Anayeuliza hadharani anawaulizia pia wengi wanaosoma bila kuandika. Bei ikifichwa, wengine hudhani kila mtu atatajiwa yake.

Baya zaidi lilifuata. Mtu aliyejipa jina na picha ya kikundi aliwahi kuwajibu waulizaji, akaweka namba yake ya simu. Mteja mmoja alimtumia shilingi 30,000. Tulijua siku alipotuuliza mzigo wake umefikia wapi. Pesa hazikurudi.

Sasa katibu hujibu hivi, chini ya swali lenyewe: "Shikamoo mama. Lita moja ni shilingi 15,000. Tupo sokoni Jumanne na Ijumaa. Mikoani tunatuma kwa basi, nauli ni ya mteja. Kuagiza, bonyeza hapa." Kisha huweka kiungo cha WhatsApp cha kikundi:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX
```

Angalieni namba hiyo. Sifuri ya mwanzo huondolewa, mahali pake huwekwa 255, bila alama ya kujumlisha wala nafasi. Ukiiacha sifuri, kiungo hakimfikishi mteja kwenu. Kwa hiyo kijaribuni kwanza kwa simu ya mtu mwingine.

Facebook, kiungo kilichoandikwa kwenye maoni hubonyezeka. Instagram hakibonyezeki, hubaki maandishi matupu. Huko kiwekeni kwenye wasifu wa kikundi, na mwulizaji mwambieni, "Linki ipo juu, kwenye wasifu wetu."

Kuhusu matapeli, bandikeni swali mlilolijibu likae juu ya maoni mengine pamoja na jibu lenu, nanyi mpitie maoni asubuhi na jioni. Mkikuta namba isiyo yenu, ifuteni na kumwonya aliyejibiwa. Andikeni pia jina ambalo mteja ataliona kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri, ili likiwa tofauti asitume. Hili halimzuii tapeli kumfuata mteja faraghani, lakini humpa mteja kitu cha kulinganisha.

Asali ikiisha, msinyamaze. Semeni imeisha, na mtaje mwezi wa mavuno yajayo.