Malalamiko ya Chakula Kibaya, na Namna ya Kuyachunguza



Mtu akishikwa na tumbo la kuhara, kwa desturi humlaumu yule aliyempikia mara ya mwisho. Pengine mpishi huyo hana kosa lo lote, kwa kuwa maradhi mengine ya chakula hungoja siku moja au zaidi ndipo yatokee. Kwa hiyo apokeaye malalamiko aandike kwanza, asihukumu.

Uchukuliwe mfano wa harusi katika kijiji cha karibu na Njoro. Asubuhi baada ya sherehe, baba mmoja anafika kwa Afisa wa Afya ya Umma kusema kwamba watu wake wanahara. Walio hoi, hasa watoto wachanga na wazee, wapelekwe hospitali kwanza. Kisha afisa anaandika jina na makao ya kila mgonjwa, vyakula vyote alivyokula kwa siku tatu, saa aliyokula, saa aliyoanza kuugua, na dalili zake. Siku hiyo hiyo anamwarifu afisa wa kaunti ndogo anayeangalia milipuko ya maradhi.

Wageni walikula saa saba mchana. Maumivu yakaanza kati ya saa tano na saa saba usiku. Walihara, wachache wakatapika, wala hawakuwa na homa. Muda wa saa kumi hadi kumi na mbili, pamoja na dalili hizo, waelekeza kwenye nyama iliyopikwa ikaachwa ipoe polepole. Kama wangalitapika baada ya saa mbili au tatu, ingefikiriwa sumu ya vijidudu vya mikono yenye vidonda.

Afisa awaulize wazima pia. Kati ya watu 50, waliokula mchuzi wa nyama walikuwa 30, wakaugua 24. Wasioula walikuwa 20, wakaugua 2 tu. Waliokula pilau walikuwa 40, wakaugua 21. Wasioila walikuwa 10, wakaugua 5. Pilau haikuleta tofauti, mchuzi ulileta. Jikoni ikajulikana kwamba mchuzi ulipikwa jioni, ukalala katika sufuria kubwa, ukapashwa moto kidogo tu.

Njia hiyo ilitumika Makueni na Kitui mwaka 2004, sumu ya ukungu wa mahindi ilipoua watu 125. Wagonjwa 40 walilinganishwa na wazima 80, na kuweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba kukaonekana ni hatari.

Mabaki ya chakula yasitupwe. Yatiwe katika chombo safi chenye kifuniko, kiandikwe jina, tarehe na saa, kiwekwe penye barafu bila kugandishwa, kwa maana kuganda huua vijidudu vinavyotafutwa. Tena, maabara yasipoona kitu, hiyo si hakika kwamba chakula kilikuwa kizuri. Huenda sufuria yenye kosa ilikwisha kuoshwa. Ndiyo sababu daftari la maswali lina thamani kubwa, na jina la mpishi lisitangazwe kabla hesabu haijakamilika.