Namba, Saa na Picha: Jinsi ya Kumripoti Tapeli wa Simu kwa UCC ili Hatua Ichukuliwe

Mada kwa mawakala wa pesa za simu na wakazi wanaozungumza Kiswahili, Kabalagala, Kampala

1. Utangulizi

Wengi wetu hapa tuna vibanda vya pesa za simu kando ya Barabara ya Ggaba, au ni wateja wa vibanda hivyo. Tapeli akipiga simu, kawaida tunamfungia na kuwaonya wenzetu kwenye kundi la WhatsApp. Laini yake hubaki hewani, naye humpigia anayefuata.

Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, yenye makao Bugolobi, inaweza kuiagiza kampuni ya simu ichunguze laini na kuifunga. Lakini ofisa anayepokea lalamiko hakuwepo wakati simu inapigwa. Kitu pekee kinachoweza kumthibitishia ni kumbukumbu ya kampuni: namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, saa ya kuanza na muda wa mazungumzo. Hoja yangu ni kwamba lalamiko zuri ni lile linalomwezesha kuifikia simu ileile moja kati ya maelfu bila kukurudia kwa maswali.

2. Mfano: wakala na "pesa iliyokosewa"

Mfano huu nimeutunga, lakini mbinu yake tunaijua sote. Ijumaa jioni wakala anapokea meseji kwamba amewekewa shilingi 480,000. Dakika chache baadaye anapigiwa: "Boss, nimekosea namba, hiyo pesa ni ya hospitali, nirudishie." Wakala ana foleni ya wateja. Anarudisha, na anarudisha kwa pesa yake mwenyewe, kwa sababu ile meseji ilikuwa ya uongo.

Dalili ilikuwepo. Meseji halisi ya muamala huja kwa jina la huduma. Hii ilitoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Dalili ya pili ni salio: angefungua *165# kwa MTN au *185# kwa Airtel kabla ya kurudisha, angekuta halijaongezeka.

Sasa anataka kuripoti. Akiandika, "Kuna tapeli kanipigia juzi usiku, kaniibia, mfungieni," ofisa hana pa kuanzia. Lalamiko linalofanyiwa kazi lingekuwa hivi:

- Laini yangu iliyopigiwa: namba kamili, MTN, laini ya kwanza katika simu ya laini mbili.
- Namba iliyotuma meseji: namba kamili. Ijumaa, 14 Machi 2025, 19:36.
- Namba iliyopiga: namba kamili, tofauti na iliyotuma meseji. Simu iliingia 19:42, mazungumzo dakika 3 na sekunde 10.
- Nilichotuma: shilingi 480,000, saa 19:47, kwenda namba ipi, jina lililoonekana, na namba ya muamala iliyo kwenye meseji ya uthibitisho.
- Alichosema: sentensi mbili tu.
- Nilichokwisha kufanya: nimeipigia kampuni saa 19:55, nimepewa namba ya rejea.

Angalia kwamba namba ni tatu: ya meseji, ya simu na ya kupokea pesa. Matapeli hupenda kuzigawa, na mlalamikaji akitaja moja tu, nyingine mbili zinaendelea na kazi.

3. Saa

Hapa ndipo sisi Waswahili tunapojikwaa. Tunahesabu saa kuanzia alfajiri na machweo, na wenzetu Waganda pia. Ofisi zinaandika kwa Kiingereza. Ukisema "saa moja na dakika arobaini na mbili usiku", anayekuandikia anaweza kuandika 01:42, na mtu wa kampuni akatafuta simu ya usiku wa manane ambayo haikupigwa. Nakili saa kama simu yako inavyoionyesha, kwa tarakimu za saa 24, na tarehe kamili. Tarakimu hazihitaji mkalimani.

4. Picha ya skrini

Kazi ya picha ni kuunganisha maneno yako na kumbukumbu ya kampuni. Kwa hiyo lazima ionyeshe namba. Wengi wetu humhifadhi tapeli kwa jina la "Mwizi", kisha tunapiga picha. Inayoonekana ni "Mwizi" na namba imefichika. Futa jina hilo kwanza. Jina linaloletwa na programu ya kutambua wapigaji nalo si ushahidi wa usajili, kwani huandikwa na watumiaji.

Kosa la pili ni tarehe. Orodha ya simu mara nyingi huandika "leo" au "jana". Ikisomwa wiki ijayo, "jana" haina maana. Fungua maelezo ya simu au ya meseji mpaka tarehe, saa na muda vionekane, ndipo upige picha. Usikate kingo wala kuchorachora juu yake. Meseji yenyewe usiifute, kwa sababu mpelelezi anaweza kutaka kuiona ndani ya simu. Ukiisambaza kwa mwenzako, kwake itaonekana imetoka kwako.

5. Milango mitatu

Pesa ikiwa imetoka, mlango wa kwanza ni kampuni ya simu: piga 100, MTN na Airtel zote zinaitumia. Kampuni inaweza kuzuia pesa kama bado ipo kwenye akaunti ya mpokeaji, na tapeli huitoa haraka, hivyo usisubiri kukusanya picha zote. Omba namba ya rejea.

Mlango wa pili ni polisi. Katika kituo cha Kabalagala omba namba ya SD, ambayo Watanzania wataitambua kama RB. Wewe hutapewa jina la aliyesajili laini. Hilo kampuni humpa mpelelezi kwa utaratibu wa kisheria.

Mlango wa tatu ni UCC, kwa simu ya bure 0800 222 777 au kwa maandishi. Utaratibu wao ni kwamba uanze na kampuni, kwa hiyo namba ya rejea ndiyo tiketi yako. UCC hairudishi pesa na haikamati mtu. Tena, tangu Sheria ya Mifumo ya Malipo ya mwaka 2020, huduma ya pesa za simu iko chini ya Benki Kuu ya Uganda. UCC inasimamia laini.

Tanzania wamerahisisha hatua ya kwanza: meseji ya kitapeli hutumwa kwenda 15040. Hata huko mfumo hauridhiki na maneno ya meseji tu. Unahitaji namba iliyoituma.

6. Mipaka

Laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua lolote. Katika wizi wa pesa za simu wa Oktoba 2020 uliopitia mfumo wa Pegasus, magazeti ya Kampala yaliripoti kwamba zilitumika laini zipatazo 2,000; jina la usajili pekee halitoshi kumtambua mwizi. Simu ya WhatsApp nayo haiachi kwa kampuni ya simu kumbukumbu kama ya simu ya kawaida. Taja wazi kwamba ilikuwa ya WhatsApp, na uiripoti pia ndani ya programu hiyo. Mwisho, namba inayoonekana kwenye skrini inaweza kughushiwa. Ndiyo maana muda na laini iliyopigiwa vina uzito: kwa kuvitumia, kampuni hutambua kama simu ilitoka kweli kwenye namba ile, na mtu asiye na hatia hafungiwi laini.

7. Mapendekezo

Napendekeza kila kibanda kiweke fomu ya ukurasa mmoja yenye vipengele sita vya mfano wetu, na ijazwe kabla ya kufunga siku. Kisha mpe fomu hiyo mwenzako asiyejua tukio. Akishindwa kutaja nani alimpigia nani, lini na kwa muda gani, ofisa wa Bugolobi naye atashindwa. Irekebishe kabla ya kuituma.