Taa Inawaka, Betri Haijai

Jirani yangu hapa Kawe alikaribia kununua betri mpya ya kompyuta mpakato yake, aina ya Dell. Taa ya chaja iliwaka, mashine ilifanya kazi, betri haikujaa. Taa ile husema tu kwamba chaja ina umeme. Nilipima kichwa cha waya: volti 19.5, sawa. Ila katikati yake mna kipini chembamba kinachoitambulisha chaja kwa mashine. Kisipogusa, betri haichajiwi. Kioo kiliandika: "The AC power adapter wattage and type cannot be determined." Tukaazima chaja ya aina hiyohiyo, betri ikaanza kujaa. Maneno yale yangebaki, ningeshuku tundu la mashine. Yangetoweka na betri isijae, hapo ndipo ningeilaumu betri.