Shilingi Hamsini za Kila Siku

(Maneno ya mfanyakazi mmoja wa reli katika baraza la wakaaji wa mtaa.)



Nimeombwa niseme juu ya kamari ya mpira inayochezwa kwa simu. Kama ni dhambi au si dhambi, hiyo ni kazi ya wahubiri. Mimi nitafanya hesabu tu.

Mtu anaweka shilingi 50 kila siku, bei ya chai na mandazi. Kwa siku 365 ni shilingi 18,250. Atanijibu, "Lakini si zote zinazopotea, siku nyingine nashinda." Ni kweli. Basi tutazame anarudishiwa nini.

Chukua mchezo wenye pande mbili zilizo sawa, kama kurusha sarafu. Kampuni inaandika 1.90 upande huu na 1.90 upande ule. Ukiweka shilingi 100 kila upande, umetoa 200. Upande mmoja lazima ushinde, nawe unapewa 190. Kumi imebaki kwa kampuni, upande wo wote ushinde.

Sasa ndugu zetu hawatosheki na mchezo mmoja. Wanaunga kumi katika mkeka mmoja, na ukianguka mmoja, mkeka wote umekufa. Kupata mchezo mmoja ni bahati 1 kati ya 2. Miwili ni 1 kati ya 4, mitatu 1 kati ya 8. Zidisha hivyo mpaka wa kumi, utafika 1 kati ya 1,024. Na kampuni italipa nini? Ile 1.90 ikizidishwa mara kumi inafika kama 613, kwa hiyo shilingi 50 zako zinaleta kama 30,650. Ni pesa nyingi, sikatai. Lakini kwa wastani ushindi mmoja unataka mikeka 1,024, nayo imekula shilingi 51,200. Hiyo ni karibu miaka mitatu ya kucheza bila kuruka siku, na kodi bado sijaihesabu.

Kwa mwaka mmoja je? Katika watu kumi wanaocheza hivyo, kama saba watafika Desemba bila kushinda hata mara moja. Hao wamepoteza 18,250 zote. Wale wachache waliopata ndio tunaowasikia kwa kinyozi. Wale saba hawasemi, hata kwa wake zao.

Mwenye kubisha achukue taarifa ya pesa za simu yake ya miezi 12. Ajumlishe zilizokwenda kwa kampuni, kisha atoe zile zilizorudi katika simu. Zilizo bado katika akaunti ya kampuni asizihesabu kuwa zake, maana nyingi zitachezwa tena kesho. Tukimaliza hapa nitakaa pale mezani na kalamu. Aje mmoja mmoja, na jumla yake sitamwambia mtu.