Cheo kimeshuka, mshahara je?

Tuseme mtumishi wa halmashauri mkoani Iringa analipwa shilingi 1,200,000, cheo kinaondolewa, anahamishiwa Mbeya kwenye nafasi ya shilingi 950,000. Akiidhinishiwa mshahara binafsi, anabaki na ile 1,200,000. Ila hapo mshahara umesimama: wenzake wanapanda ngazi, yeye anawasubiri wamfikie. Posho ya madaraka, hiyo inabaki kwenye kiti alichokiacha.

Basi asome barua yake mstari kwa mstari. Ikitaja cheo kipya tu bila kutamka mshahara binafsi, hati ya mshahara itamshtua.

Kwa sekta binafsi, Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inataka mabadiliko ya mkataba yafanywe kwa mashauriano, na kwa maandishi. Mshahara ukikatwa kimyakimya, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60.