Pumzi Inayobeba Wimbo



Tulipoanza mazoezi ya jubilii hii, mstari mmoja ulitushinda. Una mapigo 16, na kwa mwendo wetu unachukua sekunde 16. Tulianza sawa na kinanda, lakini mwalimu alipobonyeza noti ya mwisho, sisi tulikuwa tumeshuka. Tukadhani tatizo ni masikio. Kumbe ni pumzi.

Ndani ya koo kuna mikunjo miwili midogo tunayoiita nyuzi za sauti. Tukitaka kuimba, hukaribiana na kuziba njia ya hewa. Hewa kutoka mapafuni huzisukuma zikafunguka, kisha hurudi zikafunga, tena na tena. Soprano wakiimba A ile ambayo ala hupimiwa, nyuzi zao hufunguka na kufunga mara 440 kwa sekunde. Besi wakiimba A iliyo oktava mbili chini, ni mara 110. Misuli ya koo huzikaza noti ikipanda na kuzilegeza ikishuka, lakini kinachozitikisa ni hewa.

Sasa turudi kwenye mstari wetu. Mapafu yaliyojaa ni kama puto: hewa hutaka kutoka yenyewe, tena kwa nguvu. Sisi tuliiachia, tukaimba maneno ya kwanza kwa kishindo. Kufikia pigo la 12, msukumo ulikuwa umepungua na noti ikaanza kushuka. Tukajaribu kuiokoa kwa kukaza shingo, sauti ikakwaruza.

Kwa hiyo kazi ya pumzi ina sehemu mbili. Mwanzoni tunaizuia: mbavu zibaki zimepanuka, zisianguke mara tu tunapofungua kinywa. Mwishoni, hewa ikiwa imepungua, misuli ya tumbo huisukuma polepole. Koo halina kazi ya kusukuma.

Tulijizoeza hivi. Weka mikono kwenye mbavu za chini, vuta pumzi bila kuinua mabega, kisha toa "sss" nyembamba kwa sekunde 16. Ikianza kwa nguvu na kuisha kwa kutetemeka, umetumia hewa nyingi mapema. Ikibaki sawa mwanzo hadi mwisho, imba mstari kwa namna hiyo hiyo.

Hata hivyo, si kila mmoja wetu ana pumzi ya kufika mwisho. Ndiyo maana jirani wawili hawapumui pamoja. Mmoja huacha kuimba katikati ya irabu ndefu, huvuta pumzi kimya, kisha hurudi taratibu. Mwenzake ndiye anayeushikilia wimbo wakati huo.

Leo mtakapousikia mstari huo, sikilizeni noti ya mwisho pamoja na kinanda. Tukiwa tumeshuka, mtajua ni nini kilichotuishia.

Katibu wa Kwaya